Pasipoti tatu, tahajia tatu: jina la Kirusi la mke wangu tuliandikeje?

*"Mke wangu ni Mrusi. Tulifunga ndoa Dar es Salaam mwaka 2008, na cheti kinasema Yuliya Kuznetsova, kama pasipoti yake ya wakati ule. Pasipoti ya 2011 ilikuja na Iuliia Kuznetcova, na ndivyo alivyoandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa cha binti yetu cha mwaka 2012. Pasipoti ya 2021 inasema Iuliia Kuznetsova. Sasa binti anaombewa viza asafiri na mama yake, tumeambiwa mama wa kwenye cheti siye wa kwenye pasipoti. Kuna aliyetushauri tuandike hati ya kubadili jina. Mimi nami nilisoma Urusi, na tafsiri ya diploma yangu imeniita Dzhuma Khamisi Mvita badala ya Juma Hamisi Mwita. Nani kakosea, na turekebishe nini?"*

Ndugu yangu, kwanza kabisa hati ya kubadili jina iacheni. Hati hiyo maana yake ni kwamba mtu ameliacha jina fulani na kuanzia tarehe fulani anatumia lingine. Mkeo hajafanya hivyo. Mkiiandika leo mtakuwa mmetangaza kisheria kwamba Yuliya na Iuliia ni majina mawili, wakati shida yenu ni kuwaonyesha watu kwamba ni moja. Na siku akienda kubadilisha pasipoti ubalozini kwao, ataulizwa hilo badiliko la jina lilifanyika lini, na hatakuwa na jibu.

Jina lake halijawahi kubadilika, kwa sababu jina lake si lolote kati ya hayo matatu. Jina lake ni Юлия Кузнецова. Hivyo ndivyo lilivyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa, kwenye pasipoti yake ya ndani (Warusi wana pasipoti mbili, moja ya kutumia kwao na moja ya kusafiria), na kwenye ile ya kusafiria pia, juu kidogo ya mstari wa herufi za Kilatini. Fungua pasipoti zake za kusafiria mlizonazo, uziweke pamoja, utazame mstari wa Kikirili, yaani wa hizo herufi za Kirusi. Utakuta hakuna hata nukta iliyohama. Kilichohama ni jedwali ambalo serikali ya Urusi hulitumia kuligeuza jina hilo kwa ajili ya macho ya wageni, na jedwali hilo limebadilishwa mara tatu katika umri wa mtu mmoja.

Enzi za Usovieti pasipoti za kusafiria ziliandikwa kwa kufuata masikio ya Mfaransa. Kifaransa kilikuwa lugha ya pasipoti duniani. Mkutano wa Paris wa mwaka 1920 ulipendekeza pasipoti ziwe na lugha ya taifa na Kifaransa. Sasa Mfaransa akiona "u" hatamki kama sisi, na ili apate "u" ya Kiswahili lazima umwandikie "ou". Kwa hiyo mama mkwe wako, kama alisafiri miaka ile, huenda kwenye pasipoti yake ni Kouznetsova, na Юлия wa zama zake angeandikwa Ioulia. Wafaransa wenyewe mpaka leo huandika Poutine, wala si kwa ukaidi: "Putin" ikisomwa kwa lafudhi yao inakaribia sana tusi.

Mwaka 1997 wizara ya mambo ya ndani ya Urusi iliachana na Kifaransa ikafuata masikio ya Mwingereza. Hapo ndipo ilipotoka Yuliya. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 ikaja kanuni nyingine, ya kiwango cha taifa kilichopitishwa mwaka 2006, na hiyo ndiyo iliyoleta Iuliia Kuznetcova. Haikudumu. Mwaka 2013 Urusi ilihamia kwenye jedwali la Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lililomo katika waraka wake namba 9303 unaohusu hati za kusafiria, na hilo ndilo linalotumika mpaka sasa. Kwa mkeo tofauti kati ya jedwali la pili na la tatu ni herufi moja tu: ц iliandikwa TC kwa miaka ile michache, kisha ikawa TS. (Hiyo TC sijui ilimlenga msomaji wa lugha gani. Lakini ina faida moja: ukiona Kuznetcova au Solntceva, unajua bila kuuliza pasipoti hiyo ilitolewa katika kipindi kipi.)

Sasa tuligawe jina lenyewe, maana ukilielewa hili utaweza kumweleza ofisa yeyote kwa dakika mbili. Юлия lina herufi nne: Ю, л, и, я. Ya kwanza na ya mwisho kila moja imebeba silabi nzima, "yu" na "ya". Mswahili akilisikia ataandika Yulia au Yuliya na hatakosea. Anayefuata sikio huangalia msomaji wake ni nani, kisha humtafutia herufi zitakazomfanya atamke sawa. Ndiyo maana Mfaransa anapata Ioulia, Mwingereza Yuliya na Mjerumani Julija, kwa kuwa kwake J ndiyo "y". Wote watatu wametamka jina lilelile.

Jedwali la ICAO halina sikio. Linachukua herufi moja ya Kikirili na kutoa herufi zilizopangwa, bila kujali jirani yake ni nani wala msomaji ni wa wapi: Ю ni IU, л ni L, и ni I, я ni IA. Zipange: IU-L-I-IA. Ndiyo hiyo Iuliia inayowashangaza watu kwenye foleni, ina "i" tatu na hakuna "y" hata moja. Si kosa la mchapaji, na mkeo asikubali mtu akimwambia "i" moja imezidi.

Kwa nini wakubali sura mbaya namna hiyo? Kwa sababu msomaji waliyemlenga ni mashine. Chini ya ukurasa wa picha kuna mistari miwili yenye alama kama mishale. Wa kwanza kwenye pasipoti ya mkeo unaonekana hivi:

```
P<RUSKUZNETSOVA<<IULIIA<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<<
```

Una nafasi 44, na ndani yake jina huandikwa kwa herufi A mpaka Z tu, bila vituo wala alama juu ya herufi. Ipo kanuni nyingine ya kimataifa, ISO 9 ya mwaka 1995, ambayo kitaalamu ni safi kuliko zote kwa kuwa kila herufi ya Kikirili ina mwenzake mmoja, na unaweza kurudi nyuma bila kupoteza kitu. Kwa kanuni hiyo mkeo ni Ûliâ Kuznecova. Wakutubi wanaipenda. Lakini hicho kikofia juu ya "u" hakiingii kwenye mstari wa mashine, na ukikivua unabaki na Ulia, jina lingine kabisa. Kila mfumo una kazi iliyouzaa, na ukiupeleka kwenye kazi isiyo yake unaharibu.

Msidhani pia kwamba nchi zote zenye Kikirili zinakwenda pamoja. Ukraine ina jedwali lake, lililopitishwa na baraza la mawaziri tarehe 27 Januari 2010, ambalo mwanzoni mwa jina ю ni YU na katikati ni IU. Юлія wa Kyiv kwa hiyo ni Yuliia, si Iuliia. Na hata ndani ya nchi moja mtu anaweza kuwa na tahajia iliyo nje ya jedwali. Rais wa Ukraine kwa jedwali hilo angekuwa Zelenskyi. Pasipoti yake inasema Zelenskyy, na ofisi yake hufuata pasipoti, huku magazeti yakiendelea na Zelensky na Zelenskiy.

Basi, hakuna aliyekosea kati ya aliyeandika cheti cha ndoa na aliyeandika cheti cha kuzaliwa. Kila mmoja alinakili pasipoti iliyokuwa mezani siku hiyo, na ndivyo alivyotakiwa kufanya. Hapo ndipo ninapotenganisha mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Tofauti inayoelezeka kwa jedwali haisahihishwi, inathibitishwa. Kosa la mkono linasahihishwa. Kipimo ni rahisi: andika jina kwa Kikirili, kisha uliza kama kuna jedwali la Urusi la mwaka ule linalotoa tahajia iliyo kwenye cheti. Kuznetcova ya 2011 inapita. Kama cheti cha binti kingesema Kuznesova, bila "t", hakuna jedwali lingekiokoa, na hapo ndipo ungekwenda RITA kuomba marekebisho ya kumbukumbu. Msiende RITA kwa sababu ya TC. Mkifanikiwa kuibadilisha, mtakuwa na cheti cha 2012 kinachotaja tahajia ambayo mama hakuwa nayo mwaka 2012, na mtu makini atawauliza imetoka wapi.

Kwa viza ya binti, fungeni kifurushi kimoja cha ushahidi. Kiini chake ni pasipoti zote, ya sasa na zilizokwisha muda. Kama zile za zamani bado mnazo, msizitupe kamwe, hata zikiwa zimetobolewa. Pasipoti ya 2011 yenye mistari miwili, Kikirili juu na Kuznetcova chini, ni shahidi bora kuliko barua yoyote. Kama ile ya kabla ya 2011 imepotea, nakala iliyoambatishwa kwenye maombi yenu ya ndoa au kwenye kibali chake cha ukaazi cha zamani itasaidia. Ongezeni cheti chake cha kuzaliwa cha Kirusi pamoja na tafsiri, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha jina la Kikirili lilikuwa hilohilo tangu mwanzo.

Kisha aende kwa wakili au kamishna wa viapo aape hati ya kiapo, naye aipeleke ikiwa imeandaliwa vizuri, maana viapo vya kunakili huandikwa "pia anajulikana kama" na kuishia hapo. Maneno hayo yanamfanya aonekane mtu mwenye majina ya bandia. Kiapo chenu kiseme sababu. Kwa mfano: "Jina langu kwa Kirusi ni Юлия Кузнецова na halijawahi kubadilika. Katika pasipoti namba fulani liligeuzwa kwa herufi za Kilatini kuwa Yuliya Kuznetsova, katika pasipoti namba fulani ya mwaka 2011 kuwa Iuliia Kuznetcova, na katika pasipoti yangu ya sasa kuwa Iuliia Kuznetsova. Tofauti hizo zimetokana na mabadiliko ya kanuni za Urusi za kuandika majina kwa herufi za Kilatini. Zote zinanihusu mimi, niliyezaliwa tarehe fulani." Namba za pasipoti na tarehe ya kuzaliwa ndizo zinazokifunga kiapo hicho kwenye hati zenyewe. Hakikisheni mwanasheria anaziandika Kikirili kwa Kikirili. Kompyuta nyingine za ofisini huchapa vibanda vitupu mahali pa herufi hizo, basi kisomeni kilichochapwa kabla ya kutia saini.

Kiapo ni neno la mkeo mwenyewe, kwa hiyo baadhi ya balozi hukipa uzito mdogo. Kilicho na uzito zaidi ni cheti kutoka idara ya konseli ya Urusi kinachothibitisha kwamba tahajia hizo ni za mtu mmoja. Aulize ubalozini kama wanaweza kumtolea na kwa masharti gani, na aende yeye mwenyewe akiwa na pasipoti zote. Huko ndiko mahali ambapo safari ya miguu inashinda simu kumi, kwani ofisa akiziona hati zenyewe anaelewa papo hapo.

Kuna jambo jingine ambalo hukutaja lakini nalihisi liko njiani. Kwetu fomu hudai majina matatu, na mara nyingi cheti cha ndoa huwa na lile la katikati, la baba, kama Sergeevna au Sergeyevna. Pasipoti ya Urusi ya kusafiria hailiandiki jina hilo kwa Kilatini. Liko kwenye mstari wa Kikirili tu. Mtu atakayefananisha ataona jina "limepungua". Litajeni kwenye kiapo hichohicho kwa sentensi moja, na kwenye tiketi ya ndege msiliweke. Tiketi ifuate ule mstari wa mishale herufi kwa herufi: KUZNETSOVA, IULIIA. Wakala wa safari akiandika Yulia kwa sababu ndivyo mnavyomwita nyumbani, mwambieni asahihishe kabla ya siku ya safari, maana ni nafuu kuliko kubishana kaunta.

Anaweza kurudi kuwa Yuliya? Anaweza kuomba. Taratibu za Urusi zinaruhusu mwombaji wa pasipoti mpya aandike maombi kwamba jina lake ligeuzwe tofauti na jedwali, akiambatisha hati inayoonyesha tahajia anayoitaka: pasipoti ya zamani, cheti cha ndoa au cha kuzaliwa kilichotolewa nchi nyingine, kibali cha ukaazi. Asipoandika, jedwali linatumika lenyewe. Mimi nisingemshauri afanye hivyo kwa pasipoti ya sasa. Tahajia aliyonayo ndiyo inayotolewa na jedwali la leo, bila shaka na kibali chake cha ukaazi na akaunti ya benki vimeshaifuata, na kurudi nyuma kungezaa duru nyingine ya maelezo. Ningefikiri vingine kama angekuwa na hati ya nyumba, shahada na leseni ya kazi, vyote kwa Yuliya. Akibaki na Iuliia Kuznetsova, basi atakapoomba pasipoti nyingine ayaandike hayo maombi vilevile, akitaja tahajia ya pasipoti anayoiacha. Majedwali yalishabadilika mara tatu, na maombi hayo ndiyo kinga yake likija la nne.

Tuje kwako wewe, Juma. Kwako kosa lipo, na ni la mfasiri. Jina lako lilianza kwa Kilatini. Chuoni liliandikwa Джума Хамиси Мвита, kwa sababu Kirusi hakina herufi moja ya "j" yetu, kwa hiyo wanaunga д na ж. Hakina "h" nyepesi kama yetu, wanatumia х. Na hakina "w" kabisa, wanaweka в. Mpaka hapo hakuna lawama. Mfasiri wa diploma ndiye aliyelichukua jina hilo akalipitisha kwenye jedwali kana kwamba ni la Kirusi: дж ikawa DZH, х ikawa KH, в ikawa V. Herufi hazirudi kwa njia ziliyokwenda. Mwita wa Tarime amerudi akiwa Mvita, jina la kale la Mombasa.

Jina ambalo asili yake ni Kilatini haligeuzwi tena, linarudishwa kama lilivyo kwenye pasipoti ya mwenyewe. Mpelekee mfasiri aliyeapishwa nakala ya pasipoti yako pamoja na diploma ya asili, umwambie aandike Juma Hamisi Mwita, na chini aweke maelezo ya mfasiri kwamba kwenye diploma jina limeandikwa Джума Хамиси Мвита. Diploma yenyewe haina kasoro, usiisumbue. Ukiagiza tafsiri yoyote ya hati za mkeo fanyeni vivyo hivyo kwa upande wake: jina lifuate pasipoti ya sasa, na Kikirili kiwepo kando. Mwachie mfasiri achague mwenyewe na utapata Julia, tahajia ya nne.

Na hilo la "w" ndilo ningewaomba mliangalie mapema kuliko yote, kama mnakusudia binti awe na pasipoti ya Urusi. Kwa Kikirili ukoo wake utakuwa Мвита. Ubalozi ukilipitisha kwenye jedwali, pasipoti itatoka Mvita, huku cheti chake cha kuzaliwa cha Tanzania kikisema Mwita, na hapo mtoto atakuwa haonekani kuwa wa baba yake. Yale maombi ya kuandika tofauti na jedwali yawekwe siku ileile ya kuomba pasipoti yake ya kwanza, yakiambatana na cheti cha kuzaliwa. Baada ya kuchapishwa, njia inayobaki ni kuomba na kulipia pasipoti nyingine. Kuhusu uraia wenyewe na umri wa miaka 18, ambapo sheria ya Tanzania humtaka mtu wa namna yake achague, ongeeni na wakili wa masuala ya uhamiaji kabla hamjajaza fomu yoyote.

Msisikitike kwamba ni nyinyi tu. Wachina wana kisa chao na ukoo 吕, ambao kwa pinyin, maandishi yao ya herufi za Kilatini, ni Lü. Hivyo vituo viwili juu ya "u" haviingii kwenye mstari wa mashine, na kwenye kibodi zao watu huviandika kwa kubonyeza "v". Matokeo yake, mtu mmoja alikuwa LV benki na LU kwenye pasipoti, mpaka kanuni ya taifa iliyoanza kutumika mwaka 2012 ilipoamua kwenye pasipoti iandikwe LYU. Wengine walijikuta na watoto wenye LYU na wao bado ni LU. Nao dawa yao ni ileile ya kwenu: herufi za asili ziwekwe mezani kwanza, kisha pasipoti zote mbili kando yake.